Chupa Mbili za Kupimia Mto

Mwezi Machi mwaka 2022 maji ya Mto Mara, upande wa Tanzania ambako mto unakaribia kumwaga maji yake Ziwa Viktoria, yaligeuka meusi na kutoa harufu mbaya, na samaki wakaonekana wakielea wamekufa. Mawazo ya wengi yalikwenda moja kwa moja kwenye sumu, kwa kuwa bonde lile lina migodi ya dhahabu na wakazi wake wamelalamikia maji kwa miaka mingi. Serikali iliunda kamati ya wataalamu, na ripoti ya kamati ikataja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Watu wengi hawakuikubali. Waliuliza kinyesi cha ng'ombe kinawezaje kuua samaki, wakati wafugaji wa samaki wenyewe hutia samadi bwawani ili mwani uote na samaki wapate chakula.

Swali hilo ni la haki. Mimi sikuwapo wakati sampuli zinachukuliwa, kwa hiyo siwezi kuitetea ripoti ile neno kwa neno. Ninachoweza kueleza ni namna kinyesi kinavyoua samaki pasipo tone la sumu, na namna mtu wa maabara anavyolithibitisha jambo hilo kwa chupa mbili za kioo. Chupa ya kwanza hupimwa siku ileile na kuonyesha kiasi cha oksijeni kilichomo majini. Ya pili hufungiwa gizani siku tano, kisha ikaonyesha ni oksijeni kiasi gani uchafu uliomo utakula.

Tuanze na oksijeni yenyewe. Samaki havuti ile oksijeni iliyofungamana na haidrojeni kufanya maji. Anavuta gesi ya oksijeni iliyoyeyuka majini, ambayo imeingia kutoka hewani au imetolewa na mwani na mimea ya majini wakati wa jua. Gesi hiyo ni kidogo mno. Lita moja ya hewa tunayovuta ina miligramu 270 hivi za oksijeni. Lita moja ya maji yasiyo ya chumvi, yenye nyuzijoto 25, hata yakishiba kabisa, hubeba miligramu 8.3 tu. Kiumbe anayeishi majini anaishi ukingoni siku zote, na upungufu ambao sisi tusingeuhisi hewani kwake ni suala la kufa au kupona.

Hiyo 8.3 nayo ni ya usawa wa bahari. Maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo zaidi: yaliyo kwenye nyuzi 0 hushiba kwa miligramu 14.6 kwa lita, ya nyuzi 20 kwa 9.1, na ya nyuzi 30 kwa 7.6. Ukipanda juu ya bahari kanieneo ya hewa hupungua, na oksijeni inayosukumwa majini hupungua nayo. Ziwa Viktoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya nyuzi 25 hushiba yakifika zaidi kidogo ya 7. Kwa hiyo jibu la 7 kutoka Musoma lina maana ya maji yaliyojaa oksijeni, na jibu hilohilo kutoka mto wa pwani wenye joto lileile lina maana kwamba kuna kitu kimeanza kuila.

Samaki wengi huishi vizuri maji yakiwa na miligramu 5 kwa lita au zaidi. Zikishuka chini ya hapo hula kidogo na kukua polepole, na zikishuka chini ya 2 wengi hukimbia, na wasio na pa kukimbilia hufa. Lakini hawafi kwa pamoja. Sangara anahitaji oksijeni nyingi, naye huumia mapema. Sato huvumilia kwa muda. Kambare na kamongo wanaweza kuchukua hewa juu ya maji, kwa hiyo wanabaki hai pale wenzao wanapokufa. Ndiyo maana mvuvi mzoefu anayeangalia maiti za samaki ana ushahidi mkononi hata kabla ya maabara. Akikuta samaki wakubwa ndio waliotangulia kufa, wengine wanapanua midomo juu ya maji alfajiri, na kambare wanaogelea salama, ana sababu ya kushuku ukosefu wa oksijeni. Akikuta kambare na kamongo nao wamekufa, pamoja na wadudu wa majini na vyura, sumu inapaswa kutafutwa kwa bidii zaidi. Dalili hizi hazitoi hukumu ya mwisho, ila zinaelekeza sampuli ipimwe nini kwanza.

Sasa chupa ya kwanza. Njia inayotumika kwenye maabara zetu ilibuniwa na mkemia wa Hungaria, Lajos Winkler, mwaka 1888, na hadi leo ndiyo inayotumiwa kuhakiki vipimo vya elektroniki. Winkler alikuwa na tatizo moja kubwa. Oksijeni ni gesi, na kila unapogusa sampuli, hewa inaingia au gesi inatoka. Njia yake inaikamata oksijeni papo hapo mtoni na kuigeuza kitu kigumu kinachotua chini ya chupa. Kazi ya kuhesabu inaweza kungoja hadi maabara.

Chupa inayotumika ina ujazo wa mililita 300, shingo nyembamba, na kizibo cha kioo kilichochongwa mshazari ili kiputo cha hewa kisibaki chini yake. Haijazwi kwa kuteka kama ndoo. Maji hupitishwa kwenye mpira unaofika hadi chini ya chupa, yakaachwa yafurike polepole mpaka maji yaliyogusana na hewa mwanzoni yawe yamemwagika yote. Kisha, kwa pipeti iliyozamishwa chini kidogo ya uso wa maji, huongezwa mililita 1 ya myeyusho wa salfeti ya manganizi, na baada yake mililita 1 ya mchanganyiko wa magadi makali, iodaidi na azaidi. Chupa hufungwa na kupinduliwapinduliwa mara kadhaa.

Hapo ndipo pa kukodoa macho. Ndani ya chupa hutokea wingu la mashapo. Wingu likiwa jeupe kama maziwa, maji hayana oksijeni hata kidogo, na unaweza kuijua hali ya mto kabla ya hesabu yoyote. Likiwa la kahawia, oksijeni ipo, na kadiri rangi inavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Sababu ni kwamba manganizi ndani ya magadi hushikana na kila molekuli ya oksijeni iliyomo na kubadilika rangi. Mashapo huachwa yatue hadi nusu ya chupa, chupa ikapinduliwa tena ili isibaki oksijeni iliyokwepa, yakaachwa yatue mara ya pili.

Baada ya hapo huongezwa mililita 1 ya asidi kali ya salfuriki, na chupa ikafungwa na kutikiswa. Mashapo huyeyuka, na yale maji yote hugeuka rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo ni iodini. Ile manganizi iliyoshika oksijeni, ikiwa ndani ya asidi, huikabidhi kazi yake iodaidi na kuifanya iodini. Ukubwa wa deni haubadiliki njiani: kila molekuli moja ya oksijeni iliyokuwa mtoni sasa inawakilishwa na molekuli mbili za iodini. Oksijeni haionekani, iodini inaonekana, na kinachoonekana kinaweza kuhesabiwa.

Kuhesabu kwenyewe ndiko kunakoitwa titresheni. Mpimaji huchukua mililita 201 za maji yale na kuyamimina kwenye chupa ya koni. Anachukua 201 badala ya 200 kwa sababu zile mililita 2 za dawa za mwanzo zilimwaga nje mililita 2 za sampuli, na hiyo 1 ya ziada inafidia. Juu yake kuna bureti, bomba refu la kioo lenye mistari ya vipimo na koki chini, lililojazwa thaiosalfeti ya sodiamu yenye ukolezi wa 0.025 M. Thaiosalfeti huiua rangi ya iodini. Anaiachia kidogokidogo huku akizungusha chupa, mpaka rangi ya chai ipauke ikawa njano hafifu. Kisha anatia matone ya wanga, na maji yote hugeuka buluu nzito, kwa sababu wanga na iodini vikikutana hufanya rangi hiyo hata iodini ikiwa kidogo sana. Kuanzia hapo anateremsha tone moja moja. Tone la mwisho linaifuta buluu yote kwa mkupuo, na maji yanabaki meupe. Anasoma bureti.

Uzuri wa namba hizi ulipangwa makusudi. Molekuli moja ya oksijeni ilizaa mbili za iodini, na kila moja ya iodini hutaka mbili za thaiosalfeti, kwa hiyo oksijeni moja huhesabiwa kwa thaiosalfeti nne. Ukipiga hesabu kwa ukolezi wa 0.025 M na sampuli ya mililita 200, kila mililita moja iliyotoka kwenye bureti ni sawa na miligramu moja ya oksijeni kwa lita. Bureti ikionyesha imetumia mililita 6.4, maji yana miligramu 6.4 kwa lita. Huhitaji kikokotoo.

Makosa yake nayo yanajulikana. Kiputo kimoja kikibaki chini ya kizibo, maji machafu yataonekana yana nafuu kuliko yalivyo. Wanga ukitiwa mapema, iodini ikiwa bado nyingi, hushikana nao kwa ukaidi na mwisho wa titresheni hauonekani wazi. Thaiosalfeti iliyokaa muda mrefu hupoteza nguvu, ndiyo sababu inapaswa kuhakikiwa mara kwa mara. Na buluu ikifutika kisha ikarudi baada ya sekunde chache, kuna naitraiti majini inayotengeneza iodini mpya. Naitraiti ni ya kawaida kwenye majitaka, na ile azaidi iliwekwa kwenye dawa ili kuiondoa. Ipo pia hali ambayo njia ya Winkler haifai, nayo ni maji meusi au yenye tope jingi, kwa kuwa mtu hawezi kuona njano hafifu ndani ya maji ya rangi ya kahawa. Kwa maji ya aina ile ya Mara ya mwaka 2022, kipima oksijeni cha elektroniki kinachotumbukizwa mtoni ndicho cha kutegemewa, baada ya kusawazishwa kwa maji safi yaliyopimwa kwa Winkler.

Tuseme basi tumepata 6.4. Je, mto ni mzima? Hatujui bado. Kipimo cha oksijeni ni kama kuchungulia debe la unga jikoni: unaona kilichomo leo, lakini hujui ni walaji wangapi wanakuja. Majitaka yanaweza kuingia mtoni saa hii, maji yakiwa bado yameshiba oksijeni, na madhara yakaonekana kilomita nyingi chini, bakteria wakishaanza kuyala. Kinyesi, damu ya machinjio, maganda ya kahawa, masalia ya molasesi na majani yaliyooza vyote ni chakula cha bakteria. Wanapokila huvuta oksijeni kama sisi tunavyovuta tukila na kufanya kazi. Kwa hiyo uchafu wenyewe unaweza kupimwa kwa oksijeni ambayo bakteria wataitumia kuumaliza. Hicho ndicho kipimo cha uhitaji wa oksijeni wa kibayolojia, ambacho kwenye karatasi za maabara huandikwa BOD.

Kazi ya chupa ya pili inaanza hapa, na ugumu wake wote uko kwenye kuzimua. Chukua mfano wa mtaro unaotoka machinjio. Ukiyajaza maji yake kwenye chupa kama yalivyo, oksijeni itakwisha mapema mno, na siku ya tano utasoma sifuri. Sifuri haikuambii bakteria walikuwa wanataka kiasi gani zaidi. Kwa hiyo mpimaji huchanganya kidogo cha sampuli na maji maalumu ya kuzimulia: maji safi yaliyopulizwa hewa hadi yakashiba, yakatiwa chumvi kidogo za fosfeti, magnesi, kalsi na chuma ili bakteria wasikose virutubisho. Kwa kuwa hajui uchafu ni mkali kiasi gani, anaandaa chupa kadhaa kwa mara moja. Tuseme katika chupa tatu za mililita 300 ametia mililita 0.5, 1 na 3 za maji ya mtaro.

Chupa zote zilianza na oksijeni 8.1. Zimewekwa kwenye kabati lenye nyuzi 20, gizani, kwa sababu mwanga ungewafanya mwani watoe oksijeni mpya na kuharibu hesabu. Siku ya tano zinafunguliwa na kupimwa. Ile ya mililita 3 inasoma sifuri, kwa hiyo inatupwa. Ile ya 0.5 imeshuka kwa 1.8 tu, na kanuni ya kazi hii inataka mshuko usiopungua 2 ili usichanganywe na makosa madogo ya kupima, kwa hiyo nayo inaachwa. Ile ya mililita 1 imetoka 8.1 hadi 4.5. Imeshuka kwa 3.6, na bado imebakiza zaidi ya 1, kama inavyotakiwa. Mililita 1 ndani ya 300 ni kuzimua mara 300, na 3.6 mara 300 ni 1,080. Maji ya mtaro yana BOD ya miligramu 1,080 kwa lita.

Mpimaji makini haishii hapo. Ana chupa nyingine yenye maji ya kuzimulia peke yake, ambayo haipaswi kushuka kwa zaidi ya 0.2, ikishuka zaidi maji yenyewe yana uchafu. Na ana nyingine yenye kiasi kinachojulikana cha sukari ya glukosi na asidi ya glutamiki, ambayo katika maabara iliyo sawa hutoa BOD ya karibu 198, ikiruhusiwa kucheza 30 hivi juu au chini. Ruhusa hiyo pana inafundisha jambo: hiki ni kipimo cha viumbe hai, na anayekuandikia BOD yenye desimali mbili anakupa uhakika ambao hana.

Namba 1,080 ina maana gani kwa mto? Tuseme mtaro unamwaga lita 10 kwa sekunde kwenye mto unaotiririsha lita 500 kwa sekunde, na mto wenyewe una BOD ya 2. Zidisha kila upande, jumlisha, gawa kwa lita 510: mchanganyiko una BOD ya 23. Mto huo una oksijeni 7 au 8 ghalani, na umepewa uchafu utakaotaka 23 katika siku tano. Pona yake ni kuvuta hewa mpya haraka, kwenye maporomoko na miamba. Ukifika mahali pa tambarare, maji yakalala, oksijeni itakwisha.

Turudi Mara, lakini sasa tupande juu hadi upande wa Kenya, katika hifadhi ya Maasai Mara. Huko wapo viboko zaidi ya 4,000. Usiku hula nyasi nchi kavu, mchana hulala mtoni na kunya humo. Watafiti wakiongozwa na Christopher Dutton, katika makala waliyochapisha mwaka 2018 kwenye jarida la Nature Communications, walieleza kwamba viboko hao huingiza mtoni takriban kilo 8,500 za majani yaliyosagwa nusu kila siku. Wakati wa ukame kinyesi hujikusanya kwenye madimbwi ya viboko, na bakteria hula oksijeni yote ya chini. Mvua kubwa ikinyesha ghafla milimani, mafuriko huyasomba madimbwi hayo na kuyapeleka chini kwa pamoja, na oksijeni ya mto huporomoka. Watafiti hao walishuhudia samaki wakifa zaidi ya mara moja, bila kiwanda wala mgodi kuhusika.

Kilichonivutia zaidi ni kasi. Bakteria wanaokula kinyesi kibichi huchukua siku nyingi, ilhali samaki hawa hufa ndani ya saa chache. Kinyesi kilichokaa bila oksijeni kwa wiki nyingi kimeshazaa vitu kama salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza. Vitu hivi havingoji bakteria. Vikikutana na maji yenye oksijeni huinyakua mara moja, kwa kemia tupu. Halafu lipo jambo la wazi zaidi, kwamba maji yasiyo na oksijeni yakichanganyika na yenye oksijeni huyapunguza. Anayetazama BOD ya siku tano peke yake hataona hatari hii ya saa tatu za kwanza. Hapo pia panapatikana jibu la wale wanaotaja samadi ya bwawani: kidogo kinachotiwa kila wiki huliwa kadiri oksijeni inavyoingia, na kingi kilichovunda na kumwagwa kwa siku moja hakiwezi.

BOD ina udhaifu mwingine unaopaswa kujulikana na yeyote anayeletewa karatasi ya maabara. Siku tano hazimalizi kazi. Kwa majitaka ya nyumbani bakteria huwa wamekula theluthi mbili hivi tu ya chakula chote. Nyuzi 20 si joto la mito yetu mingi ya tambarare. Kwenye nyuzi 27 uozaji huenda kwa kasi iliyozidi kwa zaidi ya theluthi moja, na India kwa sababu hiyo hutumia kipimo cha siku tatu kwenye nyuzi 27. Udhaifu mbaya kuliko yote ni wa sumu yenyewe. Maji ya kiwanda yakiwa na zebaki, sianidi au klorini, bakteria ndani ya chupa hufa au hulemaa, hawali, oksijeni haishuki, na karatasi inasema BOD ni ndogo. Maji yanayoua yanaonekana safi. Dalili hujitokeza kwenye zile chupa za kuzimua: sampuli iliyozimuliwa zaidi ikitoa BOD kubwa kuliko iliyozimuliwa kidogo, sumu ilikuwa inawazuia bakteria, na ilipopunguzwa wakapata nguvu. Kwa eneo lenye migodi, mtu asikubali BOD peke yake. Atake na kipimo cha COD, ambacho hutumia kemikali badala ya bakteria, pamoja na vipimo vya metali na sianidi.

Aulize pia saa ya kuchukua sampuli. Maji ya kijani yenye mwani mwingi huweza kusoma oksijeni 10 au zaidi saa nane mchana, kupita hata kiwango cha kushiba, na yakasoma 2 kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa usiku mwani nao huvuta oksijeni bila kuitoa. Ofisa aliyefika na gari la ofisi mchana na kuondoka kabla ya jioni amepima saa nzuri kuliko zote za siku. Saa inayoua samaki ni ya kumi na moja alfajiri.

Kisha kuna suala la kiwango cha sheria. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 na za Tanzania za mwaka 2007 ziliweka ukomo wa BOD ya miligramu 30 kwa lita kwa majitaka yanayotolewa kwenye mazingira. Namba za aina hii zina asili yake Uingereza, kwenye Tume ya Kifalme ya Majitaka iliyoundwa mwaka 1898. Katika ripoti yake ya nane, ya mwaka 1912, tume hiyo ilisema mto usizidi BOD ya 4, ikachukulia mto safi una 2, na ikachukulia kila sehemu moja ya majitaka itakutana na sehemu nane za maji ya mto. Ukirudi nyuma kwa hesabu unapata 20 kwa majitaka: 20 jumlisha mara nane ya 2, gawa kwa tisa, ni 4 kamili.

Sehemu nane za maji ya mto ndizo zinazobeba hesabu yote hiyo. Weka 30 badala ya 20, na mto wa masika wenye sehemu nane utakuwa na BOD ya 5 hivi, jambo linalovumilika. Weka 30 hiyohiyo mwezi Septemba kwenye mto uliokauka hadi maji yake yakalingana na yale ya bomba la majitaka, na jibu ni 16, wakati oksijeni iliyomo haifiki 8. Kiwanda hakijavunja sheria, na samaki wanakufa. Kwa mito ya aina hiyo kibali kinapaswa kuandika, pamoja na ile 30, lita ngapi kwa sekunde zinaruhusiwa kutoka bombani mto ukiwa katika kina chake cha chini kabisa, na nani atakwenda na chupa kuupima alfajiri.